Usimsahihishie Rafiki Kilio Chake

Ujumbe uliingia Jumapili, saa sita kasoro robo usiku. Faili ya Word yenye kurasa nne, na chini yake maneno mawili tu: "Soma, Mwalimu." Nilipoufungua tiki zikageuka bluu, naye akajua nimeuona. Chini ya jina lake pakatokea kwamba anaandika, pakafutika, pakatokea tena, pakafutika. Hakuongeza neno.

Rafiki yangu huyu ni mzaliwa wa Usenge. Waluo wana desturi ya kumwita mwanamke kwa jina la kwao, basi mimi humwita Nyar Usenge. Yeye huniita Mwalimu kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Nafundisha Kiswahili katika shule ya upili hapa Kisumu, na huu ni mwaka wangu wa kumi na sita mbele ya ubao. Insha aliyonitumia ilimhusu mamake, ambaye tulimzika miezi minane kabla ya usiku huo.

Nilimjibu hivi: "Nimeipata, Nyar Usenge. Nitaisoma kesho nikiwa nimetulia, tuonane Jumamosi. Ila niambie kwanza, unataka niisome kama rafiki aliyemjua mama, au kama msomaji tu?"

Alikawia. Kisha akaandika: "Msomaji. Lakini usinichinje."

Alikuwa na sababu ya kuniomba hivyo. Anajua lililonipata miaka ya nyuma na rafiki mwingine, mwanamume tuliyesoma naye chuo. Ndugu yake pacha alikuwa amefariki, akaandika kurasa sita, akaniletea. Wakati huo nilikuwa ndio nimemaliza kusahihisha mitihani ya kidato cha nne, na mkono ulikuwa bado umezoea kalamu nyekundu. Wanaoijua karatasi ya Insha ya KCSE, ile 102/1, wanajua tunavyofanya. Kila insha ina alama 20. Unatazama maudhui, msamiati, mtindo, sarufi na hijai, unapigia mstari kila kosa, kisha unaiweka insha mahali pake, A, B, C au D. Kazi hiyo nikaifanyia kurasa za yule rafiki. Nilipiga mistari 38. Mwishoni nikaandika: "Mtiririko mzuri. Chunga hijai. Hitimisho halijajitokeza." Niliamini kabisa kwamba nimemsaidia.

Akajibu, "Asante Mwalimu," basi. Hakunitumia tena kitu. Mwaka uliofuata tulikutana katika matanga ya mtu mwingine huko Kakamega, tukakaa kwenye viti vya plastiki tukingoja chakula, nikamuuliza ile insha iliishia wapi. Akaniambia kwa upole, bila hasira yoyote, "Uliisahihisha, Mwalimu. Ulinisahihishia kilio." Mbele yetu kulikuwa na shangazi wa marehemu aliyekuwa akizunguka boma akilia kwa sauti, maneno yakigongana, sentensi nyingine zikikatika katikati. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria kumrekebisha.

Tangu siku ile nimejifunza kusoma upya, na ninaandika haya kwa sababu naona marafiki wengi wakipelekeana maandishi ya namna hii siku hizi, na wengi wanaumizana pasipo nia mbaya. Nitaeleza tulivyofanya na Nyar Usenge, hatua kwa hatua, maana kwake ndiko nilikoona kwamba inawezekana kumsaidia mtu kuandika vizuri zaidi bila kumtonesha kidonda.

Kwanza kabisa, sikumjibu lolote kuhusu insha usiku ule, wala siku iliyofuata. Nina sababu. Mwaka 1986 watafiti wawili wa saikolojia huko Marekani, James Pennebaker na Sandra Beall, walichapisha utafiti walioufanya kwa wanafunzi wa chuo. Wanafunzi hao waliandika dakika 15 kila usiku, siku nne mfululizo. Baadhi yao waliambiwa waandike juu ya jambo lililowaumiza zaidi maishani, wengine waandike mambo ya kawaida. Ilionekana kwamba walioandika machungu yao, na hasa waliochanganya yaliyotokea na walivyojisikia, walikwenda kwenye zahanati ya chuo mara chache zaidi katika miezi iliyofuata. Lakini kuna sehemu ya matokeo ambayo watu husahau kuisimulia: mara tu baada ya kuandika, watu hao walijisikia vibaya zaidi kuliko wenzao. Kalamu ilipowekwa chini, moyo ulikuwa mzito. Sasa fikiria mtu anayemaliza kuandika karibu na saa sita za usiku kisha anabonyeza kutuma. Wakati huo ndio kidonda kiko wazi kuliko saa nyingine yoyote. Hata ukimwambia neno la haki, litaingia pabaya. Siku tano au sita zinatosha kwake kuanza kuiona ile karatasi kama karatasi.

Na kuna jambo la pili ndani ya utafiti huo. Wale wanafunzi hawakuwa wakimwandikia msomaji. Waliandika wapate kutua mzigo, na maandishi ya kutua mzigo hayahitaji maoni ya mtu. Ndiyo maana niliuliza lile swali la rafiki au msomaji. Angejibu "rafiki," ningempigia simu, tungezungumza juu ya mama, na insha ningeiacha kama ilivyo. Alipojibu "msomaji" alinifungulia mlango, nami nikajua niingie wapi na wapi nisikanyage.

Jumatatu jioni niliisoma mara ya kwanza bila kalamu mkononi. Hilo kwangu ni gumu kuliko linavyosikika. Mkono huwasha. Niliiweka simu mezani, nikaikalia mikono yangu, nikasoma hadi mwisho. Siku iliyofuata nikaenda kuichapisha kwenye saiba, nikairudia kwa penseli. Nina alama tatu tu, na hakuna hata moja iliyo neno. Mahali maandishi yaliponivuta napiga mstari ulionyooka pembeni. Mahali nilipopotea au nikalazimika kurudi nyuma napiga mstari wa mawimbi. Na mahali nilipotaka kukaa zaidi lakini mwandishi akaondoka haraka, naweka duara dogo. Alama hizi hazimwambii mwandishi kwamba amekosea. Zinamwonyesha yaliyompata mtu mmoja aliyekuwa akisoma, na hayo hawezi kuyapinga wala hana haja ya kuyaonea haya.

Insha yenyewe ilikuwa mbichi, na uandishi mbichi wa mambo ya moyoni una tabia zake. Ilianza mbali: "Mama ni nguzo. Mama ni taa. Hakuna kama mama duniani." Ikafuata historia ya familia, watoto saba, shule ya msingi, karo, harambee. Ukurasa wa pili ukapata uhai ghafla. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, anapepeta omena kwa ungo, na kila akiurusha ungo mchanga unalia kama mvua ya kwanza kwenye bati. Hapo nilipiga mstari ulionyooka uliofika chini ya aya. Ukurasa wa tatu ukarudi kwenye maneno makubwa: upendo usio kifani, uchungu usioelezeka, pengo lisilozibika. Ukurasa wa nne ukamalizia kwa dua na nasaha kwa wasomaji kwamba wawapende mama zao wakiwa hai.

Lakini katikati ya ukurasa wa tatu kulikuwa na sentensi hii: "Siku moja alikuja Kisumu bila kunipigia simu, amebeba ndoo ya obambla, nikamwambia asiingie nayo ndani kwa sababu nilikuwa na wageni." Kisha nukta, kisha aya mpya kuhusu ugonjwa.

Kwa msomaji asiye wa huku ziwani: obambla ni samaki waliopasuliwa na kukaushwa juani. Harufu yake haijifichi. Na kutoka Usenge hadi Kisumu ni safari ya matatu kupitia Bondo, ndoo ikiwa miguuni au juu ya magoti.

Niliweka duara. Nilipoisoma mara ya tatu nikaona kwamba lilikuwa duara pekee katika kurasa zote nne. Nimeshasoma maandishi mengi ya namna hii, na karibu kila mara jambo lenyewe limefichwa hivyo. Mwandishi anazunguka mbali, anakaribia, anagusa kwa ncha ya kidole, anaruka. Maneno makubwa yanayofuata, pengo lisilozibika na kadhalika, ni vumbi la huko kuruka. Ukitaka kujua insha inahusu nini, tafuta sentensi iliyo fupi kuliko uzito wake.

Tatizo ni kwamba mahali hapo ndipo penye aibu pia. Msomaji anayeruka pale kwa kishindo atamvunja mtu.

Nilifikiria tukutane Dunga, tutazame ziwa. Kisha nikakumbuka ile ndoo, nikaona si busara kumketisha mbele ya wavuvi na samaki. Nyumbani kwake Migosi nako ndiko mama alikozuiwa mlangoni. Nikamwambia aje kwangu, Mamboleo. Niliwatuma watoto kwa jirani, nikazima simu, tukakaa chini ya mwembe, ubavu kwa ubavu, karatasi zikiwa magotini. Napendelea kukaa hivyo. Mkitazamana ana kwa ana, kila neno linaelekea usoni pake. Mkikaa pamoja mnaitazama karatasi, na yeye anaweza kulia bila kutazamwa.

Nilimwomba aisome kwa sauti yeye mwenyewe. Alisoma polepole, sauti ikatulia kwenye aya ya omena, hata akatabasamu. Alipofika kwenye ndoo alienda mbio, akaimeza ile sentensi kama dawa chungu, akaingia kwenye aya ya ugonjwa bila kupumua. Sikuhitaji ushahidi mwingine. Ukipata nafasi ya kumsikia mwandishi akijisomea, acha kufuata maneno, fuata mwendo wake.

Utaratibu tulioufuata baadaye si wangu. Kuna mwanamke Mmarekani, Liz Lerman, mtunzi wa ngoma za jukwaani, ambaye mwaka 1990 alianza kutengeneza njia ya wasanii kupokea maoni juu ya kazi ambazo hazijaiva. Ina hatua nne. Watazamaji husema kwanza kilichowagusa. Kisha msanii mwenyewe huuliza maswali. Kisha watazamaji humuuliza msanii maswali yasiyoficha hukumu ndani yake. Mwisho kabisa huja maoni, nayo huombewa ruhusa. Mimi niliichukua kwa sababu inafanana na adabu tuliyolelewa nayo: hufiki kwa mtu ukaanza na lililokuleta, unabisha hodi, unasalimia, unaulizia wa nyumbani, ndipo unafikia jambo.

Basi nikaanza na pole, juu ya mama na wala si juu ya insha. Tulikaa kidogo na hilo. Kisha nikamwambia kilichobaki kwangu: "Sauti ya mchanga kwenye ungo. Nimeisikia tangu Jumatatu. Na mahali unaposema alikuwa anahesabu nauli ndani ya kitambaa bila kukitoa kifuani." Sikumwambia insha ni nzuri. Neno "nzuri sana" halimsaidii mwandishi na mara nyingi linamtia shaka kwamba hukusoma. Ukimtajia mchanga na kitambaa anajua ulikuwa ndani, na tena anajua ni nini asikifute.

Nikampa nafasi aulize. Akauliza bila kusita, "Mwanzo unachosha, si ndiyo?"

Hapa ndipo nilipoona thamani ya kungoja. Lile nililolibeba wiki nzima, nikiwaza nilisemeje, amelitoa kinywani mwake. Waandishi wengi wanajua panapolegea. Ukiwatangulia, linakuwa shambulio. Ukiwangoja, linakuwa mazungumzo. Nikamwonyesha mstari wa mawimbi kwenye aya ya kwanza, nikasema, "Mimi niliingia ndani ya insha hapa," nikaweka kidole kwenye ungo. Akacheka kidogo, akaikunja pembe ya ukurasa wa kwanza.

Kisha nikauliza swali langu. Nililiandaa siku mbili, na nataka kueleza kwa nini. Swali la kwanza lililonijia lilikuwa, "Kwa nini ulimzuia mama mlangoni?" Lina alama ya kuuliza lakini ni shtaka. La pili lilikuwa, "Huoni kwamba hapa ndipo penye insha?" Hilo ni maoni yaliyovaa nguo za swali. La tatu ndilo nililolichukua: "Ile ndoo ya obambla ilienda wapi?"

Linauliza habari ya kitu. Ndoo haina hatia wala haki. Anaweza kujibu kwa maneno mawili na tukapita, au anaweza kuingia.

Alinyamaza muda mrefu. Kuku walipita. Kisha akasema mama hakurudi nayo. Alimwachia mlinzi wa getini, akamwambia agawane na wenzake, akasalimia watoto kutoka nje, akapanda pikipiki hadi stendi. "Na yule mlinzi, Mwalimu," akasema, "alinishukuru. Kila asubuhi nikitoka kwenda kazini. Wiki nzima. 'Mwambie mama asante kwa samaki.' Kila asubuhi."

Sikusema kitu. Niliona kishawishi cha kurukia, "Andika hilo! Anza na hilo!" na nikajizuia, kwa sababu mtu akikutolea jambo kama hilo, la kwanza si kumwonyesha kwamba linafaa kwa maandishi. Baadaye sana nikasema tu, "Mlinzi hayumo kwenye karatasi."

"Najua," akasema.

Tulipoanza kuzungumza juu ya ukurasa huo wa tatu nilifanya jambo dogo ambalo nimeona likiokoa mengi. Sikusema "wewe." Nilisema "huyu binti wa ukurasa wa tatu." Aliyesimama mlangoni miaka ile na aliyekaa nami chini ya mwembe wana mwili mmoja, lakini mmoja ni mhusika na mwingine ni mwandishi, na mwandishi anaweza kumtazama mhusika. Nikiuliza, "Huyu binti alikuwa anawaogopa wageni gani?" anaweza kumchunguza bila kujitetea. Baada ya muda naye akaanza kusema hivyo hivyo: "Huyo binti alikuwa na nyumba mpya, alikuwa na aibu na kwao."

Kuna ishara moja ninayoitega sikio siku zote. Ukisikia rafiki anasema, "Lakini ndivyo ilivyokuwa," jua umevuka mpaka. Umesema neno juu ya maandishi, yeye amelisikia kama neno juu ya maisha yake, na sasa anatetea kilichotokea. Usiendelee kubishana. Rudi nyuma uliseme upya kwa kuelekeza kwenye ukurasa: "Sina shaka ilikuwa hivyo. Mimi msomaji, nikiwa sikuwepo, hapa sikuona nani alifungua mlango." Ishara nyingine ni mtu kuanza kukubali kila kitu haraka haraka, ndiyo, ndiyo, nitabadilisha. Huyo amechoka, mwache.

Siku hiyo hiyo nilikosea mara moja. Aliposema juu ya mlinzi, machozi yalinijia, nikaanza, "Hata mimi, baba alipofariki, nilikuwa nime..." Nikamwona anazikunja karatasi na kunishika mkono, aanze kunifariji. Kwa sentensi nusu nilikuwa nimemnyang'anya kiti chake. Nikakatiza, nikasema, "Hilo langu la siku nyingine," nikamrudishia karatasi. Ilichukua dakika kadhaa kabla hajazifungua tena.

Mwishoni nikaomba ruhusa: "Nina maoni mawili. Moja ni la ukurasa wa kwanza, moja la aya ya mwisho. Ungependa kuyasikia leo au yangoje?" Ni lazima aweze kusema yangoje, na ikiwa atasema hivyo, uyafunge mdomoni kweli. Alisema leo. Nikamwambia kwamba sentensi za nguzo na taa zingeweza kuandikwa na mtu yeyote juu ya mama yeyote, na kwamba dua ya mwisho inanifundisha jambo ambalo ukurasa wa tatu ulikuwa karibu kunionyesha. Basi. Nilikuwa na mengine. Kulikuwa na kakake, aliyetajwa kwa jina kwamba hakuchangia bili ya hospitali. Kwa hilo niliuliza tu, "Kakako ameshaiona?" Akasema bado. Tukaacha hapo, ni lake na kakake. Maoni mawili, au matatu yakizidi sana, ndiyo mtu anaweza kubeba kutoka kikao kimoja. Ya nne na kuendelea yanaanza kufuta yale ya kwanza.

Kuhusu hijai sikugusa hata herufi. Alikuwa ameandika "alafu" mahali pa halafu zaidi ya mara kumi, na niwe mkweli, kila moja ilinichoma. Lakini kurekebisha tahajia ya aya ambayo huenda ikafutwa ni kupaka rangi ukuta unaobomolewa, na zaidi ya hapo, kunamfanya mtu aanze kulinda sentensi badala ya kuitazama.

Niseme na hili kwa ufupi, maana halihitaji urefu. Kama ndani ya insha rafiki ameandika kwamba hataki kuishi, au kuna mtu anayemdhuru sasa hivi, weka karatasi kando na umwendee usiku huo huo. Habari za mwanzo na mwisho wa insha zitangoja.

Rasimu ya pili ilikuja baada ya wiki tatu, safari hii kwenye Google Docs. Niliingia kwa tahadhari. Ukiwa katika hali ya Suggesting kila unachogusa kinakatwa mstari mbele ya macho yake, maneno yake yakipigwa na yako yakisimama kando kwa rangi. Ni kalamu nyekundu ile ile yenye jina jipya. Nilitumia Comment peke yake, nikaweka tano. Tatu zilisema nilipovutwa, mbili ziliuliza. Nilimtumia pia ujumbe wa sauti kwanza nikimweleza kwamba ziko tano na kwamba hakuna ya kumtisha, kwa sababu maoni yaliyoandikwa hayana uso, na msomaji mwenye wasiwasi huyapa uso wenye hasira.

Nguzo na taa zilikuwa zimeondoka. Insha ilianza: "Mlinzi wetu alinishukuru siku saba." Ndoo sasa ilikuwa na ukurasa mzima. Kulikuwa na wageni, na sauti zao zikisikika kutoka ndani, na mama akiwa ameinamisha kichwa kuangalia vidole vyake vya miguu kwenye ngazi. Alisema "nyathina," mwanangu, na hilo neno Nyar Usenge hakulifasiri popote. Zamani ningelipigia mstari. Niliandika pembeni kwamba nililisikia.

Rasimu ya tatu ilifika mwezi uliofuata na ujumbe: "Sasa leta kalamu nyekundu, Mwalimu." Huo ndio wakati wake. Aya zilikuwa zimeshasimama, hakuna aliyekuwa anabomoa. Nilifanya kazi yangu kama ninavyoifahamu, nikapata makosa 11 ya hijai na sarufi, nikayarekebisha yote, hata zile "alafu" nne zilizobaki.

La 12 sikuligusa, nikauliza kwanza. Katika aya ya omena, ambayo yote iko katika wakati uliopita, kulikuwa na sentensi moja: "Mama anapenda chai ya rangi." Nikaandika pembeni: hapa ni "anapenda" au "alipenda"?

Jibu lilikuja jioni. "Anapenda. Acha hivyo."

Nikaiacha.